Baroko na Klasiki: Sikiliza Mkono wa Kushoto

Msikilizaji, leo tuna vipande viwili vya kinanda: Invensheni ya kwanza ya Bach, ya mwaka 1723, na sonata ya Mozart namba K. 545, ya 1788.

Kwa Bach, mkono wa kulia unaanza peke yake. Mara wa kushoto unaudaka wimbo uleule, chini zaidi, na tangu hapo sauti mbili zinafukuzana kwa hadhi sawa. Utatafuta pa kuvuta pumzi, usipapate upesi. Kijiwimbo kile kinazidi kusokotwa mbele.

Kwa Mozart, wa kushoto ni mtumishi: noti chache zinazunguka taratibu, wa kulia unaimba. Mipigo minane inauliza, minane inajibu.

Na madoido, yaani noti ndogo zinazotetema? Bach huyatia hata mwanzoni kabisa. Kinanda kilichotumika sana enzi yake kilidonoa nyuzi, sauti ikafifia haraka, na kugonga kwa nguvu hakukuiongeza. Madoido yaliitia uhai. Mozart, aliyekuwa na piano, hapa anaweka mtetemo karibu na mwisho wa jibu.

Ukichanganyikiwa kipi ni Baroko ya Bach na kipi ni Klasiki ya Mozart, fuata mkono wa kushoto tu.