Barua ya Fundi na Cheti cha Gredi

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Awasi



Tumeombwa tuseme juu ya karatasi. Kijana amejifunza umekanika katika gereji ya jua kali, mikono yake ni mizuri, lakini akipeleka maombi kwa kampuni kubwa hapati hata jibu. Wazazi wanasema ni kukosa mtu wa ndani. Pengine mara nyingine ni kweli, hatubishi. Lakini tumefungua bahasha nyingi pamoja na vijana hawa, na tumeona kwamba karatasi zilizomo hazisemi kijana anajua kufanya nini.

Tuanze na cheti cha gredi, maana hapo watu huchanganyikiwa. Mtihani wa ufundi wa serikali unasimamiwa na NITA, ambao kituo chao Kisumu wengi mnakijua. Gredi ni tatu: mtu huanza na ya III, anapanda ya II, kisha ya I ambayo ndiyo ya juu. Mama mmoja alituambia kwa uchungu kwamba mwanawe "amerudishwa" kutoka III hadi II. Hapana mama, amepanda! Na wale wenye vyeti vya zamani vilivyoandikwa Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwanda, msivifiche. NITA iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011 ikashika kazi ya ofisi hiyo, na vyeti hivyo ni vya mtihani ule ule.

Uzuri wa mtihani huu ni kwamba hauulizi ulijifunzia wapi. Aliyejifunza kando ya barabara hujiandikisha kama aliyetoka chuoni, akafanya maswali na kazi ya mikono. Basi cheti kinasema jambo moja: siku ile, mbele ya mtahini, mtu huyu alifikia kiwango hiki. Hakisemi amegusa mashine gani, wala kwa miaka mingapi. Hilo linasemwa na barua ya fundi aliyekufundisha, na barua hiyo ndiyo wengi tunaiharibu.

Sikieni habari ya kijana mmoja wa upande wetu huu. Alikaa miaka mitano na fundi anayetengeneza trekta za kubeba miwa. Alikuwa na Gredi III. Barua ya fundi wake ilikuwa mistari miwili: ninamjua kijana huyu, ni mwaminifu na mchapakazi. Maneno mazuri, lakini hata mchungaji wa mbuzi angeweza kuandikiwa hivyo. Hakuitwa.

Tukamrudia fundi tukamwomba aongeze. Mzee akaongeza kupita kiasi! Akaandika kwamba kijana anafungua na kufunga injini yoyote ya dizeli peke yake. Safari hii aliitwa, na msimamizi wa karakana akamwuliza jinsi ya kupanga wakati wa pampu ya dizeli. Kijana akanyamaza. Kule kwao pampu ikiharibika hufunguliwa boliti, ikafungwa kwa gunia, ikapelekwa kwa wataalamu wa pampu Kisumu. Hajawahi kuipanga. Msimamizi alikunja barua, na kuanzia hapo hakuamini kitu kingine chochote kilichoandikwa mle, hata yale ambayo kijana aliyajua kabisa.

Barua ya tatu tuliiandika pamoja, mzee, kijana na sisi, jioni nzima. Juu iliandikwa jina la gereji, mahali ilipo na namba ya kibali cha biashara cha kaunti. Kisha mwezi na mwaka kijana alipoanza, na alipomaliza. Kisha mashine zenyewe: trekta za Massey Ferguson zenye injini ya Perkins ya silinda nne, na trela zake. Halafu kazi zikagawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza, aliyofanya peke yake: klachi, breki, kubadilisha gasketi ya kichwa cha injini, kurekebisha nafasi za vali. Fungu la pili, aliyosaidia akiwa chini ya fundi: kufungua injini yote, na giaboksi. Pampu haikutajwa. Chini kabisa sahihi, muhuri, na namba ya simu ambayo mzee huishika mwenyewe, maana kampuni hupiga.

Aliitwa tena, kampuni nyingine. Msimamizi alisoma fungu la kwanza akampa geji ya majani ya kupimia nafasi, akamwambia, haya, rekebisha vali. Kijana akazungusha injini polepole mpaka vali mbili za silinda ya 4 zikawa zinapishana, moja inafunga na nyingine inaanza kufunguka. Hapo vali za silinda ya 1 zimefunga zote, ndizo akazipima. Akaendelea kwa utaratibu wa injini hiyo, 1, 3, 4, 2. Na kabla ya kuanza aliuliza kama injini imepoa, maana kipimo cha injini baridi na cha moto huweza kutofautiana. Alichukuliwa kwa miezi mitatu ya majaribio. Msimamizi alimwuliza maswali yaliyotoka kwenye barua yake mwenyewe, na kila jibu lilikuwepo mikononi.

Neno moja juu ya uanagenzi. Kuna mafunzo ya mkataba yanayosajiliwa kwa NITA chini ya Sheria ya Mafunzo ya Viwanda. Aliyekuwa na mkataba huo auonyeshe. Ambaye hakuwa nao asiandike kwamba alikuwa nao. Aandike kwamba alijifunza kazi katika gereji ya jua kali, miaka kadhaa. Mwenye kampuni akiuliza NITA atajua, na utakuwa umepoteza hata cheti chako halali.

Mafundi umeme, kwenu kuna karatasi ya ziada. Kufunga nyaya za majumba kunahitaji leseni ya EPRA, na cheti cha gredi hakichukui nafasi yake. Leseni ina daraja na ina tarehe ya mwisho. Andikeni vyote viwili katika barua ya maombi, na mtazame tarehe kabla hamjaituma, kwa sababu karani huanzia hapo hapo.

Sasa jina. Hili limetuangusha sana hapa kwetu. Kitambulisho kina jina la ubatizo na majina mawili ya kienyeji, cheti kina mawili tu, na barua ya fundi ina lile la mtaani. Kwa karani hao ni watu watatu. Siku ya kujiandikisha mtihani beba kitambulisho, na jina lako linakili herufi kwa herufi. Kama kosa limeshatokea, nenda ukaape hati ya kiapo kwa wakili au mahakamani kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja, nayo uiambatanishe nyuma ya cheti. Tuma nakala zilizothibitishwa tu. Vyeti vyenyewe ubebe mkononi siku ya mahojiano, urudi navyo.

Wazee mafundi, ombi letu kwenu: msingoje mwaka wa tano ndipo mkumbuke kazi za mwaka wa kwanza. Tumenunua madaftari. Kila Jumamosi kijana aandike trekta iliyoletwa, ilikuwa na ugonjwa gani, alifanya nini peke yake na alisaidia nini, nawe utie sahihi. Yako kwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama, kila gereji daftari moja, mchukue kabla hatujala.