Uvimbe wa Shingo Unaouma Baada ya Mafua: Kabla Hujanunua Dawa



Mkoa huu wa Ruvuma ndio uliotangulia kuwa na Maduka ya Dawa Muhimu, mwaka 2003. Kwa hiyo mtu wa Mbamba Bay akishikwa na homa na maumivu ya koo, mara nyingi hufika dukani kwanza. Leo tunazungumzia homa ya namna moja ambayo humfanya mgonjwa anunue dawa isiyomfaa.

Tuchukue mfano wa mama mwenye umri wa miaka 41, mchuuzi wa dagaa. Mafua yake yamekwisha wiki tatu zilizopita. Sasa shingo inauma upande wa kulia, chini kidogo ya kongomeo, na maumivu yanapanda hadi kwenye taya na sikio. Ana homa, mikono inatetemeka, na moyo unamwenda mbio hata akiwa ameketi. Kipimo cha malaria hakionyeshi vimelea. Anameza amoksilini kwa siku tano bila nafuu yoyote. Badala yake maumivu yanahamia upande wa kushoto.

Kuhama huko ni dalili yenye uzito. Mama anywe funda la maji mbele ya kioo: uvimbe ukipanda na kushuka pamoja na koo anapomeza, basi yaelekea umo katika tezi dundumio, wala si mtoki. Wenyeji wa nyanda za juu wanaifahamu tezi hii kwa sababu ya goita, ila goita ya kukosa madini joto hukua polepole na kwa kawaida haiumi.

Kilichompata mama huyu ni uvimbe-joto wa tezi unaofuata maradhi ya virusi, kwa kawaida baada ya wiki mbili hadi nane. Tezi ni mfano wa ghala la kahawa lililojaa magunia: huhifadhi homoni ya kutosha wiki nyingi. Inapovimba, kuta zake huharibika na akiba humwagika yote katika damu kwa mkupuo. Hiyo ndiyo sababu ya moyo kwenda mbio. Tezi haizalishi kupita kiasi, na kwa hiyo kabimazoli, dawa ya kuzuia uzalishaji, haisaidii. Antibayotiki nazo hazisaidii, kwani hakuna bakteria wa kuuawa.

Hospitalini hupimwa damu. Majibu yaliyoandikwa ESR huwa juu sana, mara nyingi zaidi ya 50, na TSH huwa chini. Daktari huanza na ibuprofeni au aspirini, na propranololi ya kutuliza moyo ikihitajika. Mwenye pumu asipewe propranololi, na mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au ujauzito aseme kabla ya kuandikiwa ibuprofeni. Maumivu yakikataa kutulia kwa siku chache, huandikwa prednisoloni, ambayo mara nyingi hutuliza ndani ya siku mbili, kisha hupunguzwa taratibu kwa wiki kadhaa.

Hapa ndipo tunapoona hatari kubwa. Wapo wanaosikia sifa za prednisoloni wakainunua bila cheti. Ipo hali nyingine, adimu lakini kali, ambamo bakteria huingia ndani ya tezi yenyewe na kutunga usaha. Huwapata zaidi watoto, hasa upande wa kushoto, pamoja na watu wenye kinga dhaifu. Uvimbe hubaki mahali pamoja, ngozi juu yake huwa nyekundu na ya moto, homa huja na baridi kali, na kumeza huwa shida. Chembe nyeupe za damu hupanda sana, huku homoni za tezi kwa kawaida zikibaki sawa. Mgonjwa huyu anahitaji picha ya ultrasaundi, antibayotiki za sindano, na usaha kutolewa. Akimeza prednisoloni peke yake, homa hushuka kwa muda huku usaha ukiendelea kuenea shingoni.

Kwa hiyo uvimbe wenye ngozi nyekundu, mate yasiyomezeka au pumzi inayokwama ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, hata kama boti au gari la kwenda huko linagharimu fedha nyingi.

Turudi kwa mama wetu. Baada ya mwezi mmoja au miwili moyo umetulia, lakini sasa anahisi baridi, uchovu na usingizi. Ghala limekuwa tupu, na tezi haijaanza kazi vizuri. Wengi hurejea hali ya kawaida ndani ya miezi kadhaa. Wachache huhitaji vidonge vya homoni maisha yao yote. Ndiyo maana TSH hupimwa tena baada ya wiki sita hadi nane, hata shingo ikiwa haiumi tena. Aende na karatasi ya majibu ya kwanza pamoja na maboksi ya dawa zote alizotumia, zikiwamo zile alizonunua dukani.