Kwa Nini Tuyo Inachomoka Kwenye Kona

(Maneno yaliyosemwa mbele ya komite ya maji na wanamemba)

Wandugu, mamá na wababa, mnakumbuka ile asubuhi robine zilikuwa kavu, na mtaro ukawa matope pale kona ya chini. Watu walisema kuna mtu alikata tuyo. Hapana. Kude ilichomoka yenyewe, na ilichomoka usiku.

Juu ya nini usiku? Mchana robine ziko wazi, maji yanatembea, presyo inapungua. Usiku mnafunga zote, na uzito wote wa maji kutoka tanki unashukia kwenye tuyo. Tanki yetu iko metre 60 juu ya ile kona, ni kusema bar 6. Kwenye kude ya kona kamili, ya tuyo ya 110, hiyo presyo inasukuma kude kuelekea nje kwa nguvu ya karibu kilo 800. Hata kwenye bushoni, kule tuyo inaishia, ni karibu kilo 570. Viungo vyetu ni vya mpira: mpira unazuia maji kutoka, lakini haushike tuyo isichomoke.

Basi nyuma ya kude tunaweka bute ya beto. Hapa nakubali kosa, nilikuwa pale: bute ilikuwako, lakini tuliiegemeza kwenye udongo tuliorudisha wenyewe. Ule udongo ulisogea, bute nayo ikaenda. Bute iegemee ukuta wa mtaro ambao jembe halijagusa, upande wa nje wa kona, si ndani.

Ukubwa wake tunahesabu kwa presyo ya kujaribu, bar 9, si ya kila siku. Hapo nguvu inafika kama kilo 1,200. Udongo mlaini wa mfinyanzi tunauhesabia kilo 5,000 kwa metre mraba, kwa hiyo bute iguse ukuta kwa santimetre 50 kwa 50. Upande wa tuyo inaweza kuwa nyembamba. Simenti haifike nusu ya mfuko, wafadhili wetu wajue. Kuchimbua tena mtaro kunapita hapo mbali.

Beto isifunike viungo, ili kikivuja tukione. Tuyo tunaifunga kwanza plastiki, beto isiikwaruze.

Chini ya tuyo, santimetre 10 za mchanga ama udongo uliochungwa, bila mawe. Mahali pa kiungo, pale tuyo inanenepa, chimbeni kidogo, ili tuyo ilale yote. Ikikalia viungo peke yake itapindika, na kiungo kitafunguka polepole.

Beto ikae siku 7 kabla ya kufungua presyo. Tuyo zifunikwe katikati, viungo vibaki wazi, na mtu apige alama ya kalamu kwenye tuyo karibu na kila kiungo. Kesho yake alama ikiwa imesogea, bute hiyo ni ndogo, ama ukuta wake ni laini. Tunafunga maji, tunapanua.