Karatasi ya ECG: Mhimili wa Moyo na Unene wa Ventrikali ya Kushoto



Chukueni mfano wa mama wa miaka 54, mchuuzi wa omena kutoka Mbita. Presha yake ni 168/102, na imekuwa juu kwa miaka. Anapimwa umeme wa moyo, yaani ECG, kisha anaambiwa: "Mhimili ni wa kawaida." Anafurahi, akidhani moyo wake ni mzima. Je, ana haki ya kufurahi?

Ventrikali ya kushoto ndicho chumba cha moyo kinachosukuma damu kwenda mwilini. Ikisukuma dhidi ya presha kubwa kwa muda mrefu, msuli wake hunenepa, kama mkono wa mvuvi anayevuta nyavu kila siku. Lakini msuli wa moyo ulionenepa huwa mgumu. Chumba hujaa damu kwa shida, na baadaye moyo unaweza kushindwa kufanya kazi.

Kabla ya kusoma lolote, mhudumu huangalia alama ya kipimo, kile kisanduku kinachochorwa mwanzoni au mwishoni mwa mstari. Kwa kawaida kina urefu wa milimita 10, yaani miraba midogo 10. Kikiwa na milimita 5, mashine imechora mawimbi kwa nusu ya urefu wake, na moyo ulionenepa utaonekana wa kawaida.

Sasa mhimili. Huu ni mwelekeo wa jumla wa umeme unapopita kwenye ventrikali. Hutafutwa kwa kuangalia wimbi kubwa, liitwalo QRS, katika sehemu mbili za karatasi: I na aVF. Mhudumu huhesabu miraba iliyo juu ya mstari na kutoa ile iliyo chini. Kwa mama yetu, kwenye I wimbi limepanda 14 na kushuka 1, kwa hiyo jibu ni +13. Kwenye aVF limepanda 3 na kushuka 7, jibu ni −4. Zote mbili zingekuwa chanya, mhimili ungekuwa wa kawaida bila mjadala. Kwa kuwa I ni chanya na aVF ni hasi, umeelekea kushoto, na sehemu ya II ndiyo inayoamua umeenda mbali kiasi gani. Kwake II ni chanya kidogo. Mhimili wake uko karibu na nyuzi −20, na mpaka wa kawaida kwa mtu mzima ni kutoka −30 hadi +90. Kweli basi, ni wa kawaida.

Lakini mhimili haupimi unene. Unene hutafutwa kwa kimo cha mawimbi. Kanuni ya Sokolow na Lyon, ya mwaka 1949, hujumlisha kina cha wimbi linaloshuka kwenye V1 na kimo cha wimbi linalopanda kwenye V5 au V6, lile lililo refu zaidi. Mama ana 14 na 24, jumla 38. Ikifika 35, unene unashukiwa. Kanuni ya Cornell hujumlisha wimbi linalopanda kwenye aVL na linaloshuka kwenye V3. Yeye ana 12 na 10, jumla 22. Kwa mwanamke, zaidi ya 20 inatosha kushuku. Kwa mwanamume, lazima ipite 28. Tena kwenye V5 na V6 wimbi la T limepinduka chini, dalili kwamba msuli umeelemewa.

Kwa hiyo furaha ya mama ilikuja mapema.

Kuna kosa la upande wa pili pia. Mvuvi wa miaka 24, mwembamba, mwenye presha ya 118/74, anaweza kupata jumla ya 40 kwa kanuni ya kwanza kwa sababu kifua chake hakina nyama nyingi ya kuzuia umeme. Kama T zake ziko sawa, namba hiyo peke yake si ugonjwa. Kwa mtu mnene mambo hugeuka: mafuta hupunguza kimo cha mawimbi, na unene hujificha.

Nyaya za mikono zikibadilishana, mhimili husomeka vibaya kabisa. Dalili yake ni kwamba I yote imepinduka chini na aVR imesimama juu. Dawa yake ni kupima upya.

ECG ya kawaida haifuti unene, kwa kuwa watu wengi wenye unene hupita bila kuonekana. Picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti ndiyo inayopima ukuta wenyewe. Mama huyu anastahili picha hiyo, lakini dawa za presha zisingoje majibu yake, maana presha ikishuka na kubaki chini, msuli ulionenepa unaweza kupungua.