Kuchapa gia ya meno ya mshazari kwa mashini ndogo
(Maneno tuliyoyasema mbele ya wanamemba na mafundi, Mubi)

Leo tunaongea juu ya mashini ndogo ya umeme ya kusagia karanga. Ikikatika jino moja la gia ya plastiki, moteri inazunguka bure, na kikundi kinasimama hadi kipande kitoke Goma ao Bukavu. Kipande hicho tunaweza kukichapa kwa printa, lakini kwanza tukipime sawasawa.

Tuangalie gia ile iliyovunjika. Meno yake hayakusimama wima, yamelala mshazari. Hii njo inafanya mashini isipige kelele sana, kwa sababu jino linaingia polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Sasa tuhesabu meno, hata yale yaliyokatika: ni 48. Upana wa gia kutoka ncha hadi ncha ni milimita 79,6.

Fundi aliyezoea meno yaliyonyooka atagawanya 79,6 kwa 50, ni kusema meno 48 na 2 juu yake. Atapata moduli 1,59, na gia za kawaida hazina moduli ya vile. Hapo ajue amesahau mshazari. Tupake meno wino, tuviringishe gia juu ya karatasi kwa kufuata rula, kisha tupime mistari iliyobaki. Itaonyesha karibu digri 21. Kwenye ncha ya jino mshazari unaonekana mkubwa kidogo, kwa hiyo tunajaribu 20. Kosini ya digri 20 ni 0,94. Basi 48 gawanya kwa 0,94 ni 51. Ongeza 2, ni 53. Na 79,6 gawanya kwa 53 ni 1,5. Hiyo ni moduli ya kweli.

Tuangalie pia mkono wa mshazari. Kama gia ndogo ya chuma kwenye moteri inalala kuume, yetu ilale kushoto, kwa digri zile zile. Bila hivyo hazitaingiana hata kidogo.

Umbo la jino tusilinakili kutoka jino la zamani, maana limekwisha kulika, na tutachapa ulikaji wake. Tuandike namba zetu katika programu ya kuchora gia, ichore umbo la involuti: ule mstari unaochorwa na ncha ya kamba tunapoifungua kutoka kwenye mkebe wa duara. Kwa umbo hilo gia zinasukumana kwa mwendo ule ule, bila kurukaruka.

Kati ya meno lazima kubaki nafasi ndogo. Printa inanenepesha plastiki kidogo, na joto linaivimbisha. Kwa gia hii tunaacha karibu milimita 0,2. Karatasi ya kawaida ya ofisi ina unene wa karibu 0,1, kwa hiyo karatasi mbili pamoja zipite kati ya meno bila kupasuka. Zikikatwa, gia imebana: itapata joto na moteri italia. Zikipita ovyo, kila tunapowasha jino litapigwa kama nyundo. Ukingo wa chini, uliolala juu ya sahani ya printa, huvimba. Tuukwangue kwa kisu kabla ya kupima.

Na plastiki gani? PLA ni rahisi na ngumu, lakini inalegea karibu digri 60, kwa hiyo ni ya kujaribia vipimo tu. Gia ya kazi tuichape kwa nailoni, kwa sababu inavumilia kugongwa na kusuguliwa. Shida yake ni kunywa maji ya hewa, na hapa kwetu msituni hewa ni mbichi. Uzi wake ukitoa milio midogo na mvuke kwenye mdomo wa printa, umelowa: tuukaushe kwa saa nyingi katika joto la digri 70 hadi 80. Gia ichapwe ikilala, na meno yajae plastiki ndani.

Meno ya mshazari yanasukuma gia kando, kufuata shafti. Tuweke rondela ya chuma upande inaposukumwa, ama itakula boksi yake.

Puli ndogo ya mkanda nayo inachapika. Mkanda wa V ushike kuta za mfereji, usiguse chini. Ukiteleza, joto lake litayeyusha plastiki. Puli ya mulini wa mazutu tusiichape: nguvu yake ni kubwa, na vipande vikiruka vinaweza kuua mtu.

Mwisho, tuulize kwanza nini kilikata jino. Mara nyingi ni jiwe ndani ya karanga. Gia ya plastiki inavunjika ili moteri isiungue, kwa hiyo tusitafute ya chuma. Tupepete karanga, tuchape gia mbili, moja ikae ndani ya sanduku.