Malalamiko ya Wateja Kama Chanzo cha Bidhaa

Msikilizaji, unapotafuta bidhaa ya kuuza, soma kwanza maoni ya nyota 2 na 3 mtandaoni. Mteja wa nyota 1 mara nyingi ana hasira tu, pengine mzigo ulichelewa. Wa nyota 3 ameitumia bidhaa, anaipenda, na anataja hasa kinachomkera. Chukua blenda. Ukikuta wanunuzi wa maduka tofauti, kwa miezi tofauti, wakisema jagi linavuja chini baada ya muda, tatizo huenda ni mpira wa kuzibia maji, wala si mota. Hapo wazo si kutengeneza blenda mpya, bali kuuza mipira hiyo kwa vipimo sahihi.

Wapo watakaosema kulalamika si kununua, na maoni mengine ni ya kughushi. Ni kweli, ndiyo maana natilia uzito zaidi anayeeleza alivyojitatulia tatizo: kakata mpira wa ndala, au kanunua jagi zima kwa sababu ya mpira tu. Huyo keshalipia suluhisho, kwa jasho au kwa fedha. Hata hivyo, pima majagi kadhaa kabla ya kuagiza, vipenyo hutofautiana.