Meneja Akiwa Safarini

Ndugu msikilizaji, mwaka 1959 wanasaikolojia wawili, French na Raven, walitaja vyanzo vitano vya nguvu ya mkubwa wa kazi: cheo, zawadi, adhabu, ujuzi, na kule kupendwa hadi watu wakamwiga. Utavitambuaje?

Mchukue meneja wa ghala la unga. Akisema, "Zamu nazipanga mimi, ndiye mkuu wa idara," ametumia cheo. Akisema, "Mkimaliza leo, kesho mna ovataimu," hiyo ni zawadi. Lakini akisema, "Asiyemaliza namfuta kwenye ovataimu," fedha ni zile zile, ila sasa ni adhabu.

Haya, meneja amesafiri wiki nzima. Zawadi na adhabu zahitaji jicho. Jicho likiondoka, magunia huanza kuhesabiwa kwa kukisia. Lakini alipoagiza magunia yapangwe juu ya mbao yasinyonye unyevu wa sakafu, kama vijana waliamini kwamba unga anaujua, watayapanga hivyo hivyo. Huo ndio ujuzi. Na kama humwiga kwa kuwahi kazini, watawahi tu.

Basi, msikilizaji, ukitaka kumpima mkubwa, mpime siku asipokuwapo.